Asifuye Mvua Imemnyea: Kumwandikia Hongera Mteja Aliyepanda Cheo

Mwaka jana nilipeleka kalenda kwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa ununuzi katika hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa pili tangu apandishwe kuwa mkuu wa kitengo. Alipovuta droo kutafuta muhuri wa kupokelea mzigo, niliona ndani yake karatasi yenye nembo ya kiwanda chetu, imekunjwa mara mbili. Niliitambua mara moja. Ilikuwa barua ya hongera niliyomwandikia wiki ile aliyopanda.

Sikumuuliza kwa nini ameitunza, naye hakunieleza. Lakini niliporudi kazini nilitafuta nakala yake kwenye kompyuta, nikaisoma upya nijue ina nini. Katika miaka 17 ya kazi ya uchapaji nimeandika barua nyingi za namna hiyo kwa wateja, na kwa kweli nyingi kati yake hazikuwa na sababu ya kutunzwa na mtu yeyote.

Nilichokiona kinaelezwa vizuri na methali ya wazee: asifuye mvua imemnyea. Mtu anayeisifia mvua akiwa na nguo zilizolowa, husadikiwa. Aliyekaa ndani akaisifia kwa kuwa wenzake wanaisifia, maneno yake hayana uzito. Hongera ya kikazi ni hivyo hivyo. Mteja husadiki pale unapotaja kitu cha kazi yake kilichokufikia wewe mwenyewe, na huacha kusadiki pale unapomsifia kwa maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Kwanza hakikisha habari yenyewe

Sisi wachapaji mara nyingi hujua mapema kuliko watu wengine. Oda ya kadi za biashara inaingia ikiwa na cheo kipya chini ya jina tulilolizoea, na barua ya uteuzi bado haijabandikwa ubaoni. Mwenye duka la keki hujua vilevile, na fundi wa mihuri, na dereva wa kampuni. Kujua mapema hakukupi ruhusa ya kupongeza mapema. Cheo hakijatangazwa mpaka mwenye kukitoa amekitangaza, na ujumbe wako unaweza kumfikia mtu akiwa amekaa karibu na mwenzake ambaye naye alikitaka na hajaambiwa lolote. Subiri. Ukiona mwenyewe ametaja, au ofisi yake imetoa taarifa, ndipo uandike.

Halafu uliza cheo ni kipi hasa. Katika ofisi zetu kuna tofauti kubwa kati ya mkuu wa kitengo na kaimu mkuu wa kitengo. Anayekaimu anashika kazi mpaka mwenye nafasi apatikane, na huenda akathibitishwa au asithibitishwe. Ukimwandikia kaimu kwamba amekuwa mkuu, unamweka pabaya. Akikusahihisha anaonekana kujishusha, na akinyamaza anaonekana amejipandisha. Mwandikie hivi: "Hongera kwa kuaminiwa kukaimu." Neno kuaminiwa ni la kweli katika hali zote mbili, na siku akithibitishwa utampongeza tena bila kurudia uliyosema.

Uliza pia nafasi ilipatikanaje. Kama aliyetangulia amestaafu, hakuna tatizo. Kama amefariki, au ameondolewa kwa ubadhirifu, barua ya shangwe itasomeka vibaya. Aliyepanda baada ya msiba anastahili kusikia pole kabla ya hongera, maana siku aliyopewa funguo za ofisi huenda ndiyo siku aliyotoa vitu vya rafiki yake mezani. Mstari mmoja unatosha: "Pole kwa kumpoteza mwenzenu, na hongera kwa kukabidhiwa kazi aliyoiacha." Na pale aliyetangulia alipoondoka kwa aibu, usimtaje kabisa. Usiandike kwamba sasa ofisi imepata mtu mwaminifu, kwa sababu maneno hayo yanamhukumu mtu mwingine kwenye karatasi yenye jina la kampuni yako.

Barua isiyosema kitu

Hii ndiyo barua ambayo wengi wetu tunaitoa kwenye kompyuta habari ya namna hii ikifika. Mimi nimeituma mara nyingi:

"YAH: PONGEZI KWA KUTEULIWA KUWA MKUU WA KITENGO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa dhati kwa kuteuliwa kushika wadhifa huo. Ni imani yetu kuwa uteuzi huu umetokana na uchapakazi, uadilifu na uzoefu wako wa muda mrefu. Tunaamini uhusiano wetu wa kibiashara utazidi kuimarika katika kipindi cha uongozi wako. Wako katika ujenzi wa taifa."

Kiswahili chake hakina kosa. Lakini futa jina la anayeandikiwa, weka la mwingine, barua itaendelea kusimama bila kubadilishwa neno. Inasema uchapakazi, na haisemi ni kazi gani. Inasema uadilifu, na haituambii mwandishi aliuonea wapi. Anayeisoma anajua kwamba wengine watano wamemtumia ileile, na kweli wamemtumia.

Sentensi ya mwisho kabla ya saini ndiyo mbaya zaidi. "Uhusiano wetu wa kibiashara utazidi kuimarika" inaonekana ya heshima, lakini mbele ya mtu ambaye sasa ndiye anayeamua bidhaa zinunuliwe kwa nani, ni ombi. Kila alichosoma juu yake kinageuka kuwa utangulizi wa ombi hilo.

Barua iliyowekwa kwenye droo

Sasa nieleze ile ya hospitali, kwa sababu ina hatua zinazoweza kufuatwa.

Mwaka 2019 tuliwachapia vitabu vya kutolea dawa stoo. Kila kitabu kina seti 50, nyeupe na ya waridi, na kila seti ina namba inayofuatana na iliyotangulia. Namba hizo ndizo ulinzi wa stoo. Mkaguzi akija hufuata namba, na kitabu kisichojulikana kilipo kinaweza kutumika kutolea dawa ambazo hazitaonekana kwenye hesabu. Mzigo ulifika mchana, maboksi yamefungwa kwa utepe, gari linasubiri kuondoka. Wapokeaji wengi wangehesabu maboksi na kusaini. Yeye alifungua yote, akasoma namba za kitabu kimoja baada ya kingine, akakuta kitabu cha 87 kinaishia 4,350 na kinachofuata kinaanzia 4,401. Kitabu cha 88 hakikuwamo. Kilikuwa kimebaki kwetu juu ya mashine ya kukatia. Alipiga simu akatuambia kabla hajaandika barua yoyote, akatupa mpaka jioni tukipeleke, na tukakipeleka.

Alipopanda, niliandika hivi:

"Ndugu yangu, nimepata habari kwamba kuanzia tarehe 1 wewe ndiye Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi na Ugavi. Hongera sana.

Nilipoisikia nilikumbuka vitabu vya stoo vya mwaka 2019. Gari lilikuwa linasubiri na ungeweza kusaini tu. Ulifungua kila boksi, ukaona kitabu cha 88 hakipo, ukatupigia simu kwanza. Tangu siku ile, hapa kiwandani boksi halifungwi mpaka watu wawili wamesoma namba. Utaratibu huo tumejifunza kwako.

Nakuombea afya na subira katika meza hiyo kubwa zaidi. Usihangaike kunijibu, najua wiki hizi una mengi."

Tazama mpangilio wake. Sentensi ya kwanza inataja cheo kwa jina lake kamili na tarehe kilipoanza, na hilo pekee linaonyesha kwamba nimeulizia. Hongera inakuja mapema, haijafichwa chini ya salamu ndefu. Kisha linakuja tukio moja. Ningeweza kutaja mengine matatu, lakini tukio moja lililoelezwa hadi msomaji alione hukaa moyoni kuliko sifa nne zilizopangwa kwenye mstari.

Baada ya tukio nimesema lilitubadilishaje sisi, na hapa ndipo hongera nyingi hukosa nguvu. Tunamweleza mtu jinsi alivyo mwema, wakati anachohitaji kusikia ni wema wake ulifika wapi. Yeye hakujua kwamba simu yake ya mwaka 2019 ilibadilisha utaratibu wa kiwanda kizima. Nilimpa habari ambayo hakuwa nayo, na nadhani ndiyo iliyoitunza karatasi ile.

Mwisho nimemwondolea deni la kujibu. Mtu aliyepanda hupokea jumbe nyingi, na kila moja inamdai jibu. Ukimwambia asihangaike umempa nafasi ya kupumua, na umemwonyesha kwamba hukuandika ili upate kitu.

Na kama hujawahi kuona tukio kama hilo? Kaa na daftari la oda au jumbe zenu za zamani kwa dakika 10. Tafuta siku aliyokataa rangi isiyo sawa, siku aliyolipa kabla ya tarehe, siku aliyokuelekeza mahali pa kurekebisha hesabu badala ya kukuacha uumbuke. Kwa mteja mliyefanya naye kazi mwaka mzima hukosi kitu. Kwa mteja mliyeonana mara mbili tu, usibuni. Andika mistari miwili: umepata habari, unampongeza, unamtakia kazi njema. Ufupi unaolingana na ukaribu wenu ni adabu, na urefu usiolingana nao humfanya mtu ajiulize unataka nini.

Maneno yanayoomba huku yakipongeza

Mtaani kwetu mtu akipanda cheo ataambiwa "umeula". Ataambiwa pia "utukumbuke katika ufalme wako", maneno yaliyotoka kwa yule mhalifu msalabani katika Injili ya Luka, ambayo sasa yanasemwa kila mahali kwa kucheka. Kati ya marafiki hayana madhara. Kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, yote mawili ni hatari. La kwanza linasema cheo ni sahani ya chakula. La pili linasema nawe unasubiri kijiko. Hata akicheka, atakumbuka kwamba ndivyo unavyoiona kazi yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea kwa namna nyingine. Mteja mmoja, mhasibu, alipandishwa kuwa meneja wa fedha. Nilimwandikia barua pepe ya hongera yenye maneno mazuri, na kwa kuwa tulikuwa tunawadai, nikaambatanisha ankara ya miezi mitatu nikiona nimeokoa muda. Alijibu siku hiyohiyo kwa maneno matatu: "Asante. Ankara imepokelewa." Nililipwa, na deni lilikuwa halali. Lakini hongera ile ilikuwa imekufa kabla hajaifungua, na kila nilipomwandikia tena nilihisi naanza mbali zaidi. Ankara ina siku yake na hongera ina yake. Kama zimegongana, tanguliza hongera na uache siku kadhaa zipite, au madai yaende kwa mtu mwingine wa ofisi yake kupitia mtu mwingine wa ofisi yako.

Vivyo hivyo usiweke punguzo la bei ndani ya hongera, wala orodha ya huduma mpya, wala kumwomba mkutane "tujadili namna ya kushirikiana". Usimwambie pia kwamba alichelewa kupandishwa na kwamba ofisi yake haikumthamini. Utadhani unamtetea, kumbe unamlazimisha achague kati yako na mwajiri wake.

Jina, salamu na njia ya kufikisha

Namna ya kumwita mtu hubeba nusu ya ukweli wa barua. Kama kwa miaka sita umemwita Dada, ukimwandikia ghafla "Mheshimiwa" atahisi umeondoka ulipokuwa umesimama. Mheshimiwa ni wa mbunge, jaji na kiongozi wa umma, na kumpa meneja wa kampuni ni kumsifia kwa cheo asichokuwa nacho. Kwa upande mwingine, kama barua inapita kwa karani wake na kuwekwa kwenye faili, Dada peke yake itamletea maswali. Hapo andika Ndugu au Bi. na jina lake kamili, halafu ukimpigia simu umwite Dada kama kawaida. Aliyekuzidi umri unaendelea kumwamkia shikamoo. Na kama ni daktari, mhandisi au mwanasheria, andika hivyo mbele ya jina, kwa sababu cheo kinaweza kubadilika mwaka ujao lakini taaluma aliisomea mwenyewe.

Wenzetu wa Kenya wengi husema kongole pale sisi tunaposema hongera. Ukiwa na mteja Mombasa au Nairobi ambaye hukuandikia kongole, mrudishie neno lake, litamfikia likiwa la nyumbani.

Kuhusu njia, naona mbili zinafaa kwenda pamoja. Siku ulipothibitisha habari, mtumie ujumbe mfupi wa WhatsApp, mstari mmoja au miwili, kwake binafsi. Katika kundi lenye watu 80, hongera ya kwanza hunakiliwa na wote waliobaki, na yako itakuwa ya 43 ikiwa na mikono ileile ya kupiga makofi. Unaweza kuandika kundini ili usionekane umenuna, lakini usihesabu hiyo kuwa ndiyo hongera yako. Kisha ndani ya wiki moja au siku kumi, ile pilikapilika ya mwanzo ikishatulia, peleka barua yenye tukio. Ikiwa umechelewa kupata habari, andika tu kwamba umechelewa kuzipata na unampongeza sasa. Hongera ya mwezi wa pili iliyo na ukweli ndani yake haimchukizi mtu.

Barua yenyewe isaini kwa mkono. Kama ulichokitaja kiliwagusa watu wa ofisi yako, waambie nao waweke majina. Kwenye ile ya hospitali, kijana wetu wa kukata karatasi, aliyekisahau kitabu cha 88 juu ya mashine, aliomba asaini chini ya jina langu. Alisaini.

Zawadi na zabuni

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo mtu mwema anapoweza kujiharibia na kumharibia mwenzake. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na kwetu hongera imezoea kwenda na kitu mkononi, iwe khanga, kuku au bahasha. Katika ndoa na uzazi ni sawa kabisa. Katika ununuzi, neno hongera na neno hongo yamekaa karibu sana. Hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya karne ya 19 iliwalipa watawala wa njiani, kama kule Ugogo, ndipo iruhusiwe kupita. Leo mtu akimletea mkuu mpya wa ununuzi zawadi kubwa, watakaoiona watauliza swali moja tu: anataka kupita wapi?

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU, haiishii kwa watumishi wa serikali. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili ampendelee mtu katika shughuli za mwajiri wake naye anaingia ndani yake, na aliyetoa pia. Tena mashirika na kampuni nyingi zina kanuni zao za zawadi, zenye kiwango na daftari la kuorodhesha kilichopokelewa. Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi. Kwa mteja wa taasisi ya umma, barua tupu. Kwa mteja wa kampuni binafsi, barua, na kama ni lazima kuwe na kitu, kiwe cha ofisi nzima na kisicho na thamani ya kuvuta macho, kama kalenda ya mezani wanayopewa wateja wetu wote mwaka ukianza. Fedha, vocha za simu na chakula cha jioni visiwepo kabisa.

Na je, kama zabuni yako iko mezani kwake wakati huohuo? Hapo usiandike chochote mpaka zabuni imalizike. Katika ununuzi wa umma hapa Tanzania mawasiliano ya zabuni yana njia yake ndani ya mfumo wa NeST, na ujumbe wa pembeni kutoka kwa mzabuni, hata ukiwa na neno hongera peke yake, unaweza kusomwa na mshindani wako kama jaribio la kumshika mtu mkono. Mtu mwenyewe atalazimika kueleza kwa nini uliupeleka. Matokeo yakishatoka, umeshinda au umeshindwa, mwandikie. Anayepongeza baada ya kukosa zabuni hawezi kushukiwa kwamba ananunua kitu, na barua hiyo ni kati ya zile zinazokumbukwa.

Mwenzako wa kazini, na mteja aliyefikia hatua

Kwa mwenzako wa ofisi kanuni ni ileile, isipokuwa ugumu wake uko kwingine, kwa sababu huenda nawe uliitaka nafasi hiyo. Kabla sijafungua kiwanda changu niliajiriwa, na mwenzangu tuliyeanza naye mwezi mmoja aliteuliwa kuwa msimamizi wa zamu nilipokuwa nimeomba pia. Nilimfuata mwisho wa zamu, nikamwambia: "Hongera. Uliponifundisha kurekebisha rangi ya pili bila kusimamisha mashine, nilijua utaweza kufundisha zamu nzima. Kesho nitakukabidhi daftari la matengenezo ninalolishika." Sikumwambia kwamba nimefurahi kuliko yeye, maana isingekuwa kweli na asingesadiki. Nilisema nililoliona, nikaongeza kitendo kimoja kitakachomrahisishia kazi kesho yake. Kuanzia asubuhi iliyofuata nilimwita msimamizi mbele ya vijana, na kwa jina lake tukiwa wawili.

Kwa mteja mwenye biashara, hatua haiji kwa barua ya uteuzi. Inakuja kwa tawi la pili, kwa mwaka wa kumi, kwa bidhaa kuingia sokoni rasmi. Hapa taja kikwazo alichokivuka, usitaje fedha. Tuna mteja wa Morogoro anayesaga unga wa lishe. Mara ya kwanza alichapa lebo 500, na sehemu ya uzito tuliiacha wazi akaijaza kwa kalamu, kwa sababu hakuwa bado na mizani ya kuaminika. Baadaye sampuli yake ilirudi kutoka kwenye vipimo kwa sababu ya unyevu, akajenga kichanja kipya cha kuanikia. Siku alipokuja na leseni ya TBS, ili tuweke alama ya ubora na bakodi inayoanza na 620, tarakimu za Tanzania, tulipomaliza kazi nilimtumia ujumbe huu:

"Dada, hongera kwa alama ya TBS. Nakumbuka lebo 500 za kwanza na uzito ulioujaza kwa kalamu. Nakumbuka sampuli ilivyorudi, nawe ukajenga kichanja kingine. Leo lebo ina kila kitu. Tufikishie hongera kwa akina mama wa kuanika na vijana wa mashine."

Mstari wa mwisho usisahaulike katika hongera ya biashara. Cheo ni cha mtu mmoja, lakini hatua ya biashara imebebwa na wengi, na mwenye biashara hufurahi anapoona kwamba unawajua. Yule dada alinijibu kwamba ameusoma ujumbe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wakati wa chai.

Basi, ikiwa kuna mteja au mwenzako aliyepanda mwezi huu na bado hujamwandikia, usianze na karatasi. Anza kwa kukumbuka mvua yake ilikunyea siku gani. Ukishaipata siku hiyo, andika cheo chake sawasawa, mwambie hongera, msimulie siku ile na ilikubadilisha vipi, halafu uweke saini yako na usiombe kitu.